Saa yenye haraka kuliko jua

Najua nimekuwa kimya, kazi ya kuandika programu za malipo imenibana kweli kweli. Leo lakini nina kisa ambacho programu haikuweza kukitatua, nami nimekipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa wasioijua Nairobi: ukitoka katikati ya mji ukaelekea mashariki, unapita Gikomba na mikokoteni yake, halafu unaingia Pumwani, na ndani yake Majengo, moja ya mitaa ya zamani ya Waswahili wa mji huu. Mimi nimekulia jirani tu, Shauri Moyo. Msikiti mmoja wa Majengo una ubao wa taa nyekundu unaoonyesha saa, tarehe na nyakati za sala tano. Ni ubao usio na jina la kampuni, wa aina inayouzwa kila mahali. Mwezi wa Januari 2025, maalim anayeadhini pale aliniita.

"Shikamoo maalim."

"Marahaba kijana wangu. Wewe si ndiye wa kompyuta? Njoo uione hii saa. Ina haraka kuliko jua."

Kila Ijumaa walikuwa wanairekebisha, na kila Ijumaa iliyofuata waliikuta imetangulia karibu dakika nzima. Ramadhani ilikuwa inakaribia, ilianza mwanzoni mwa Machi mwaka huo. Hapo ndipo penye uzito. Saa inayotangulia haina madhara alfajiri, kwa kuwa mtu ataacha kula daku mapema kidogo. Jioni ni kinyume. Ubao ukisema magharibi imeingia, maalim anaadhini, na nyumba zote za jirani wanafungua kwa adhana hiyo. Saa ikiwa mbele kwa dakika mbili tatu, mtaa mzima unafuturu jua likiwa bado halijazama, baada ya kufunga mchana kutwa.

Nikamwuliza, "Mnaweza kuiweka sawa kila jioni?" Akanijibu, "Tunaweza. Lakini siku nitakayosahau, nani atabeba?" Sikuwa na jibu. Nikauomba ubao kwa wiki kadhaa, wakatundika saa ya ukutani kwa muda.

Sasa hebu tufungue ndani. Nyuma ya taa zote zile kuna chipu mbili tu za maana. Moja ni ya kuendesha taa, na nyingine, ndogo, yenye miguu minane, imeandikwa DS1302. Hiyo ndiyo saa yenyewe. Pembeni yake kuna kitu kama punje ya mchele ya bati inayong'aa, urefu milimita sita. Hiyo ni kristali ya kwatzi, ile ile iliyomo katika saa ya mkononi. Ndani ya bati mna kipande cha kwatzi kilichokatwa umbo la uma wenye meno mawili. Kikipewa umeme kidogo meno hayo hutetemeka mara 32768 kwa sekunde.

Kwa nini namba hiyo ya ajabu? Kwa sababu ukianza na 2 na kuizidisha kwa 2 mara kwa mara, ukiwa na mbili 15 unafika 32768 kamili. Na kugawanya kwa mbili ndiyo kazi rahisi kuliko zote katika elektroniki.

Fikiria ile swichi ya taa ya mezani, ya kubonyeza. Bonyeza mara moja, inawaka. Bonyeza tena, inazima. Ili taa iwake na kuzima mara moja unahitaji mibonyezo miwili, kwa hiyo umeshagawanya kwa mbili bila kujua hesabu. Sasa panga swichi kama hizo 15 kwenye mstari, na kila moja ikizima imbonyeze jirani yake. Ya kwanza inabonyezwa na kristali mara 32768 kwa sekunde, inawaka na kuzima mara 16384. Ya pili inafanya 8192. Ya tatu 4096. Ukiendelea hivyo, ya 15 inawaka na kuzima mara moja tu kwa sekunde. Hiyo ndiyo sekunde ya saa yako. Sisi wa programu tunaweza kuiandika hivi:

```python
hatua = [0] * 15

def pigo():
    for i in range(15):
        hatua[i] ^= 1
        if hatua[i] == 1:
            return
    print("sekunde")
```

Kila pigo la kristali linageuza hatua ya kwanza. Ikiwa imewaka, mambo yanaishia hapo. Ikiwa imezima, pigo linapita kwenda hatua inayofuata. Ita `pigo()` mara 32768 na neno "sekunde" litaandikwa mara moja tu, hatua zote zikiwa zimerudi sifuri.

Usiniamini kwa maneno, jenga. Nilinunua chipu ya CD4060 Luthuli Avenue, ile barabara yetu ya vifaa vya umeme, nikaichomeka kwenye ubao wa matundu. Chipu hiyo ina hatua 14 ndani yake pamoja na sehemu ya kuchochea kristali. Inataka rezista ya megaomu 10 kati ya miguu ya kristali, rezista nyingine ya kupunguza nguvu inayoingia kwenye kristali, na kapasita mbili ndogo za pikofaradi 22. Weka taa ya ledi kwenye hatua ya 14, utaiona ikiwaka na kuzima mara mbili kwa sekunde, maana 32768 imegawanywa mara 14 tu. Ongeza CD4013, ambayo ndani yake mna swichi mbili za kugeuza, tumia moja, nayo sekunde yako imekamilika. Hamisha ledi kwenye hatua ya 12 itapepesa mara nane kwa sekunde, na kwenye hatua ya 10, mara 32, jicho linaanza kudanganyika. Unaona kabisa namba ikikatwa nusu kwa nusu.

Seiko Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuuzwa madukani, Tokyo, Desemba 1969, ilitumia kristali ya mipigo 8192. Hiyo ni hatua 13. Baadaye watengenezaji wakatulia kwenye 32768 kwa sababu kristali yake ni ndogo, nayo haijawa na kasi kiasi cha kula betri. Kila swichi inapogeuka hula umeme kidogo sana, na ya kwanza peke yake hugeuka mara nyingi sawa na nyingine zote 14 zikijumlishwa. Ukiongeza kasi mara mbili, unaongeza hatua moja mbele, nayo peke yake inakula kama mnyororo wote wa zamani.

Haya, turudi kwa ubao wa maalim. Mtu wa programu akisikia saa inakosea, wazo la kwanza ni kwamba mahali fulani kuna hesabu mbaya. Lakini mnyororo wa kugeuza hauna pa kukosea hesabu. Hauna sehemu za desimali, haukadirii, haukusanyi makosa madogo madogo. Swichi imegeuka au haijageuka. Ukiupa mipigo 32768, utatoa sekunde moja, leo na baada ya miaka kumi. Ukikosea, utakosea kwa namna moja kati ya mbili: ama umepokea mipigo ambayo si ya kristali, ama kristali yenyewe haipigi 32768.

La kwanza linawezekana. Waya za kristali hubeba umeme dhaifu sana, na kwenye ubao wa namna hii taa zinawashwa na kuzimwa kwa zamu mara nyingi kila sekunde. Waya wa taa ukipita karibu na kristali, kelele yake inaweza kuingia na mnyororo ukaihesabu kama mapigo ya kweli. Mnyororo haujui nani anayeubonyeza. Saa itakuwa inakimbia.

Jinsi ya kutofautisha mawili hayo ni rahisi, inataka subira tu. DS1302 ina betri yake ndogo, CR2032, kwa ajili ya stima ikipotea, na kwa betri hiyo inaendelea kuhesabu kwa chini ya nusu ya maikroampea. Kwa hiyo kwanza niliuacha ubao ukiwaka kwa siku saba mezani kwangu, nikaulinganisha na simu iliyowekwa kufuata saa ya mtandao. Ulitangulia sekunde 49. Halafu nikaurekebisha na kuuchomoa kabisa kwa siku mbili. Hakuna taa, hakuna kelele. Nilipouchomeka tena ulikuwa mbele kwa sekunde 14.

Saba kwa siku, ukiwaka. Saba kwa siku, ukiwa umezimwa. Kelele imeondolewa kwenye orodha ya washukiwa. Pia kosa lilikuwa linaongezeka sawasawa kila siku, bila kuruka. Saa inayoruka ghafla dakika tano au kurudi nyuma, angalia betri na miguu yake. Saa inayotangulia kwa kiasi kile kile kila siku, mshukiwa ni kristali.

```python
sekunde = 49
siku = 7
ppm = sekunde / (siku * 86400) * 1e6
print(round(ppm, 1))   # 81.0
```

Sehemu 81 kwa kila milioni. Ina maana kristali ilikuwa inapiga kama mara 32770.65 badala ya 32768, mipigo miwili na zaidi kidogo ya ziada. Inaonekana si kitu. Ukigawanya mara 15, ile ziada nayo inagawanywa, lakini uwiano wake haubadiliki hata chembe. Hatua ya kwanza ina kosa la 81 kwa milioni, ya 15 vile vile. Kila sekunde inaitwa mapema kwa sehemu 81 za milioni za sekunde, na siku ina sekunde 86400. Zidisha upate saba. Mnyororo ni karani mwaminifu aliyekabidhiwa kipimo kibaya.

Na sasa kwa nini? Kristali nyingi za aina hii huja na ahadi ya kosa lisilozidi 20 kwa milioni. Hiyo ni chini ya sekunde mbili kwa siku. Themanini na moja ni nyingi mno kuwa bahati mbaya ya kiwandani.

Jibu liko kwenye kitu ambacho muuzaji hakuambii: mzigo wa kristali. Kristali haitetemeki peke yake, inatetemeka ikiwa imefungwa kwenye saketi, na saketi hiyo ina kapasita, ziwe zimewekwa au zimo ndani ya chipu. Wale wavulana wa mikokoteni wa Gikomba wanaijua hesabu hii kuliko mimi. Ukimzoesha mtu kusukuma gunia mbili kwa mwendo fulani, halafu ukamwondolea moja, mwendo wake unapanda. Kiwandani kristali hukatwa na kupimwa ili ipige 32768 ikiwa na mzigo maalumu. Zinazoenea zaidi madukani ni za mzigo wa pikofaradi 12.5. Zipo pia za 6. Kwenye CD4060 yangu, zile kapasita mbili za 22 zikifuatana zinakuwa 11, waya zinaongeza kidogo, tunafika karibu na 12.5. Kristali ya kawaida iko nyumbani pale.

DS1302 lakini imetengenezwa na kapasita ndani yake, na mtengenezaji anasema wazi kwamba inataka kristali ya pikofaradi 6. Ukiiwekea ile ya 12.5, umemwondolea msukuma mkokoteni gunia moja. Itakimbia dakika tatu hadi nne kwa mwezi. Sekunde saba kwa siku ni dakika tatu na nusu kwa mwezi. Namba ziliingia mahali pake kama ufunguo.

Ubaya ni kwamba huwezi kuthibitisha kwa macho. Kristali za 6 na za 12.5 zina bati lile lile na ukubwa ule ule, na mara nyingi hazina maandishi ya mzigo. Wala usijaribu kuipima kwa kugusa mguu wake na ncha ya osiloskopu. Ncha hiyo nayo ina pikofaradi kadhaa, utaongeza mzigo na kristali itapunguza mwendo hapo hapo, au ikasimama. Utapima kitu ambacho hakipo ukiondoa mkono. Kwa chipu hii, ambayo haina mguu wa kutoa mapigo nje, kipimo cha kuaminika ni kalenda.

Nilifikiria kuweka DS3231 badala yake. Hiyo ina kristali ndani kwa ndani na inajirekebisha kwa joto, kosa lake ni 2 kwa milioni katika joto la kawaida. Lakini inaongea na prosesa kwa lugha nyingine, na programu ya ndani ya ubao ule imefungwa, siwezi kuibadilisha. Kuongeza kapasita za nje kwenye DS1302 nako kunawezekana, ila sehemu yake ya kuchochea kristali imefanywa dhaifu makusudi ili isile betri. Ukiibebesha mzigo zaidi, asubuhi moja ya baridi stima ikiwa imepotea inaweza kukataa kuanza. Sikutaka saa ya namna hiyo msikitini.

Ikabaki kubadilisha kristali. Luthuli nilizunguka maduka matatu. "Zote ni 32.768, bei moja," waliniambia, na kwa upande wao walisema kweli, mipigo ni ile ile. Mwishowe niliagiza kwa msambazaji ambaye karatasi zake zinataja mzigo, pikofaradi 6. Kazi ya kulehemu ilichukua dakika kumi. Miguu yake ni myembamba, joto likizidi uma wa ndani unaharibika. Pia nilisafisha ubao kwa spiriti hadi ukawa mweupe, kwa sababu mabaki ya utomvu wa risasi yakishika unyevu hupitisha umeme kidogo kati ya miguu, na kwa kristali hii kidogo ni kingi.

Jambo moja kuhusu kuweka saa. Kwenye DS1302, ukiandika upya sekunde, mnyororo wote unarudishwa sifuri. Kwa hiyo usibonyeze kitufe cha kuthibitisha ovyo ovyo. Ngoja simu igeuze sekunde, bonyeza papo hapo. Hatua zote 15 zinaanza pamoja na sekunde yako, na kosa linalobaki ni la kidole chako tu.

Siku saba baadaye ubao ulikuwa nyuma kwa sekunde 3. Hiyo ni kama 5 kwa milioni, ndani kabisa ya ahadi ya kristali. Nikamwambia maalim kwamba kwa mwendo huu, mwezi mzima wa Ramadhani utaachwa nyuma kwa sekunde kumi na tatu hivi.

"Nyuma?" akauliza. "Yaani tutachelewa kufuturu?"

"Kwa sekunde kumi na tatu, mwisho wa mwezi, maalim."

Akacheka. "Hizo tutastahimili. Na alfajiri je?"

Swali zuri. Saa ikiwa nyuma, jioni ni salama lakini alfajiri mtu anaweza kula daku sekunde chache baada ya wakati. Tukakubaliana airekebishe Ijumaa moja moja kama zamani, ila sasa ni sekunde tatu, si dakika.

Joto nalo litaleta lake. Uma wa kwatzi hupiga kasi kuliko wakati wowote kwenye nyuzi 25 hivi, na ukipanda au kushuka kutoka hapo unapungua mwendo. Tofauti ya nyuzi 10, iwe juu au chini, inapoteza kama 3.4 kwa milioni, yaani chini kidogo ya theluthi moja ya sekunde kwa siku. Nairobi inatuhurumia hapo, hatuna baridi kali wala joto la Garissa. Lakini ubao umetundikwa juu, karibu na mabati, na mchana wa Februari pale hapashikiki. Nimeacha kipimajoto kidogo nyuma yake. Julai nitapanda ngazi nikisome tena.